Tangazo la mfumo mpya wa stoo: nani afanye nini kabla daftari halijafungwa

Hoteli nyingi za Malindi hutangaza mfumo mpya wa kompyuta kwa karatasi moja inayobandikwa karibu na mlango wa jikoni. Huandikwa kwamba mfumo utaanza hivi karibuni, kwamba wafanyakazi wote wahudhurie mafunzo, na kwamba ushirikiano wa kila mmoja utathaminiwa. Asubuhi ya kwanza mpishi anaandika chiti kama kawaida, mtunza stoo anampa mali, na kufikia saa sita mchana tableti mpya inadai friza ina samaki ambao tayari wameliwa mezani.

Karatasi ile haikumpa mtu yeyote kazi. Tangazo la mfumo wa ndani linahamisha kazi kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo kila anayelisoma anapaswa kuondoka na jambo lake moja la kufanya, siku ya mwisho ya kulifanya, na alama itakayoonyesha kwamba amelifanya. Nitalieleza kwa mfano wa hoteli ya ufukweni ya ukubwa wa kati, yenye stoo moja, jiko moja na baa, inayoacha daftari la stoo na kuingia kwenye mfumo wa tableti mnamo Juni 2026. Hoteli ni ya mfano tu. Matatizo yake atayatambua yeyote aliyewahi kushika funguo za stoo.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo wengi hujikwaa bila kujua. Msimu mkubwa wa Malindi ni wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, na hakuna meneja mwenye akili timamu atakayebadilisha stoo vyumba vikiwa vimejaa Waitaliano. Baada ya mvua za masika hoteli hupungukiwa na wageni, na huo ndio wakati wenyewe. Mhasibu atapendekeza tarehe mosi Juni, kwa sababu wahasibu hupenda mwezi uanze ukiwa safi. Lakini mwaka 2026 tarehe mosi ni Jumatatu na ni Madaraka, ikimaanisha wikendi ndefu ya wageni kutoka Nairobi. Siku chache kabla yake kuna Idd-ul-Adha, inayotarajiwa karibu na 27 Mei kwa mwandamo wa mwezi, na nusu ya jikoni itakuwa imeomba ruhusa. Kusogeza mambo hadi katikati ya Juni nako kuna kasoro, kwa kuwa Kombe la Dunia linaanza tarehe 11, mechi zinachezwa Amerika, kwetu ni usiku na alfajiri. Baa itakuwa na watu na wafanyakazi watakuja kazini macho mekundu.

Linabaki dirisha dogo. Tangazo litoke Jumatatu 18 Mei. Mafunzo yawe Jumanne 2, Jumatano 3 na Alhamisi 4 Juni, na kipindi cha waliokosa kiwe Jumamosi tarehe 6. Mali ihesabiwe usiku wa Jumatatu tarehe 8, na mfumo uanze alfajiri ya Jumanne tarehe 9. Mhasibu afanye hesabu yake ya mwisho wa mwezi tarehe 31 Mei kwenye daftari kama siku zote. Kuhesabu tena baada ya siku nane ni usumbufu, lakini ni usumbufu wa usiku mmoja.

Mafunzo yasitangulie zaidi ya wiki moja kabla ya mfumo kuanza. Mtu aliyefundishwa mwezi mmoja kabla, halafu akarudi kwenye chiti zake, atakuwa amesahau hata alama ya kufungulia. Tena saa za mafunzo zifuate zamu. Zamu ya asubuhi inayotoka saa nane mchana ifundishwe saa nane na nusu, zamu ya mchana ije saa tano na nusu kabla ya kuingia kazini, na wa usiku wafundishwe saa mbili na nusu usiku. Ijumaa iachwe kabisa. Katika tangazo kila saa iandikwe kwa namna zote mbili, saa nane na nusu mchana na 14:30, kwa kuwa tableti itaonyesha 14:30 na watu watasema saa nane na nusu, na daima yupo kijana atakayechanganya namna hizo mbili na kuja saa isiyo yake akitafuta darasa. Na iandikwe wazi kwamba muda wa mafunzo ni muda wa kazi, utalipwa au utarudishwa kama mapumziko. Sentensi hiyo ikikosekana, wa zamu ya asubuhi watakwenda zao saa nane kamili, na hakuna wa kuwalaumu.

Sasa tangazo lenyewe. Hoteli yetu ya mfano ingeweza kuliandika hivi:

"Kwa wafanyakazi wote. Kuanzia Jumanne 9 Juni 2026, saa kumi na moja alfajiri (05:00), hakuna mali itakayotoka wala kuingia stoo bila kuandikwa kwenye tableti. Chiti za mkono zitakoma saa hiyo hiyo.

Mtunza stoo na msaidizi wake: kufikia Jumatatu 25 Mei mpelekee mhasibu orodha ya kila kitu kilichomo stoo, kitu kimoja jina moja, na kipimo chake. Usiku wa 8 Juni, kuanzia saa nne (22:00), mtahesabu mali pamoja na mhasibu. Mpishi mkuu: kuanzia 18 hadi 24 Mei pima kila samaki, kuku na pweza kabla na baada ya kutengenezwa, andika kilo zote mbili, mpe mtunza stoo. Wapishi na wahudumu wa baa: hudhurieni kipindi kimoja cha mafunzo kwa zamu zenu, tarehe 2, 3 au 4 Juni, na waliokosa tarehe 6: zamu ya asubuhi saa nane na nusu mchana (14:30), zamu ya mchana saa tano na nusu asubuhi (11:30), zamu ya usiku saa mbili na nusu usiku (20:30). Muda wa mafunzo ni muda wa kazi, utalipwa au utarudishwa kama mapumziko. Kabla ya kutoka darasani kila mmoja awe amechagua nambari yake ya siri. Wahudumu wa meza na wa vyumba: hamtatumia tableti, lakini kuanzia tarehe 9 msiombe kitu stoo kwa mdomo, pitieni kwa mkuu wa idara yenu. Askari wa lango: mleta mali akifika, mwelekezeni stoo, si jikoni. Wakuu wa idara: kufikia 29 Mei mpeni meneja majina ya watakaoruhusiwa kuomba mali.

Asiyehudhuria mafunzo hatafunguliwa akaunti, na asiye na akaunti hataweza kuchukua mali. Mwenye swali amwone mtunza stoo au mhasibu, si mtu mwingine."

Hakuna neno pale kuhusu maendeleo ya teknolojia wala sifa za kampuni iliyouza mfumo, na wahudumu wa meza, ambao hawatashika tableti hata siku moja, wametajwa. Hao ndio hupita mlangoni wakisema, "Ami, nipe kreti moja ya soda, chiti nitakuletea." Tangazo linalowasemesha watumiaji peke yao huwaacha hawa na mazoea yao, na mtunza stoo hujikuta akigombana nao kila siku.

Amri ya orodha ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Daftari la miaka mingi huwa na kitu kimoja kwa majina matatu: mafuta ya kupikia, mafuta ya jerikeni, na jina la kampuni iliyoyatengeneza. Binadamu anaelewa kwamba ni kitu kimoja, lakini mfumo utafungua rafu tatu, moja ikionyesha mafuta yamejaa, nyingine yamekwisha. Vipimo navyo vina mtego wake. Unga hununuliwa kwa bela ya paketi 12 za kilo mbili mbili, yaani kilo 24, lakini jiko huomba kwa kilo. Mayai huja kwa trei ya 30, jiko huchukua kumi. Kila kitu kinahitaji kipimo cha kuingilia na kipimo cha kutokea, na idadi inayoviunganisha. Mtu akipokea bela tano za unga na kuandika 5 mahali panapotaka kilo, mfumo utaamini hoteli ina kilo tano. Zikitoka kilo 10 siku hiyo hiyo, utaonyesha upungufu wa kilo tano. Stoo inayodai ina kitu kilicho chini ya sifuri ni dalili ya kipimo kibaya karibu kila mara. Wizi huja baadaye sana katika orodha ya sababu, ingawa ndio unaotajwa kwanza.

Amri aliyopewa mpishi mkuu ndiyo watu huiona ya ajabu, kwa hiyo nitaikalia kidogo. Mvuvi analeta changu wazima kilo 38. Mtunza stoo anawapima na kuwapokea. Vijana wa jikoni wanawapaa, wanatoa matumbo, vichwa na mifupa, na mnofu unarudi kwenye friza. Tuseme umetoka kilo 17. Kwenye daftari hili halikuwa tatizo kwa kuwa kila mtu alijua samaki hupungua. Kwenye mfumo, kama "samaki changu" ni kitu kimoja tu, zimeingia kilo 38, jiko litakula mnofu wote kilo 17 katika siku mbili, na tableti itaendelea kudai kwamba kilo 21 zimo frizani. Zimekwenda jalalani na kwenye supu ya wafanyakazi. Baada ya wiki ya hivyo mtunza stoo anaitwa ofisini kueleza ziliko kilo zaidi ya sabini za samaki.

Dawa yake ni vitu viwili tofauti, changu mzima na mnofu wa changu, na hatua ya kugeuza kimoja kuwa kingine: zinatoka kilo 38 za mzima, zinaingia kilo 17 za mnofu, mara moja, na mtu mmoja. Wiki ya kupima ndiyo inayompa mhasibu kiwango cha kutegemea. Na hapo hesabu ya pesa inafungua macho. Kama changu mzima ni shilingi 500 kwa kilo, hao samaki walinunuliwa kwa shilingi 19,000. Ukigawa kwa kilo 17, kila kilo ya mnofu imegharimu shilingi 1,118 hivi kabla ya mkaa, mafuta na mshahara. Mpishi anayepanga bei ya sahani kwa kufikiria shilingi 500 anauza kwa hasara huku akijisifu meza zimejaa. Wakati wa kusi, samaki wanapokuwa adimu na bei ikapanda, hasara hiyo inakua bila mtu kuandika kosa lolote.

Tuje usiku wa tarehe 8, ambao kwa maoni yangu unastahili nafasi kubwa kuliko mafunzo yenyewe. Saa nne usiku wanahesabu mnofu wa changu frizani: kilo 21 na nusu. Mtunza stoo anaiingiza namba hiyo. Lakini saa tatu usiku huo mpishi alikuwa ameandika chiti ya kilo nne za kuchukua alfajiri, kama desturi yake. Saa kumi na moja alfajiri kijana anakuja na chiti, anachukua kilo zake nne. Chiti ina tarehe ya 8 Juni, kwa hiyo inaingia daftarini, maana daftari ndilo la tarehe 8. Tableti haikuambiwa kitu. Inasema 21.5, na friza ina 17.5.

Upande wa pili, bela za unga zilifika jioni ya tarehe 8 na zikahesabiwa rafuni usiku. Karatasi ya delivari ilikaa mezani kwa mhasibu, na asubuhi ya tarehe 9 mtu mwenye bidii akaibonyeza kwenye kitufe cha kupokea mali, `Receive`. Unga umeingia mara mbili.

Sheria inayozuia yote mawili ni fupi na inapaswa kusemwa darasani hadi watu wachoke: mali inafuata mlango, haifuati tarehe ya karatasi. Kilichopita mlango wa stoo kabla ya kuhesabiwa ni cha daftari, hata kama karatasi yake imechelewa. Kilichopita baada ya kuhesabiwa ni cha tableti, hata kama chiti iliandikwa jana. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuhesabu mtunza stoo anakusanya chiti zote ambazo mali yake haijatoka, anazichana mbele ya mpishi, na mpishi anaziomba upya alfajiri kwenye tableti. Delivari zote za siku hiyo zinapigwa muhuri au kuandikwa "IMEHESABIWA" kwa kalamu nyekundu, ili mtu mwenye bidii azione na aache kidole chake mbali. Mlango unafungwa kuanzia saa nne hadi saa kumi na moja, na ufunguo unabaki kwa mhasibu. Mgeni akitaka soda ya usiku, baa iwe imejiwekea akiba yake mapema.

Utajuaje kwamba mpaka huo kati ya daftari na tableti umevuja? Mwisho wa siku ya kwanza na ya tatu, hesabuni vitu kumi tu, vile vinavyotembea sana: mnofu, kuku, mafuta, sukari, unga, mayai, maziwa, soda, maji, gesi. Tofauti ikiwa sawasawa na kiasi cha karatasi moja, kama ile ya kilo nne kamili, tafuteni karatasi hiyo, mtaipata. Tableti ikiwa na zaidi ya rafu, ama kitu kimetoka bila kuandikwa ama kimeingizwa mara mbili. Rafu ikiwa na zaidi ya tableti, kuna mali imepokewa kwa mdomo, au chiti ya kabla ya hesabu imebonyezwa baadaye. Tofauti inayokua kidogo kidogo kila siku kwa kiasi kinacholingana na matumizi huwa ni kipimo au kile kiwango cha mnofu. Ile isiyofuata mpangilio wowote ndiyo ya kumwita meneja.

Darasa lenyewe halihitaji saa nyingi. Watu wasizidi wanane kwa tableti nne, na kila mmoja afanye kwa kidole chake mambo matatu: apokee mali kwa `Receive`, atoe mali kwa `Issue`, na arekebishe kosa alilolifanya makusudi. Hilo la tatu huachwa mara nyingi, na ndilo linalotoa hofu. Aliyekosea bila kujua njia ya kurudi ataficha kosa kwa kuandika kosa la pili. Majina ya vitufe yafundishwe kama yanavyosomeka kwenye kioo, maana mtu akipigiwa simu saa nane usiku na kuambiwa abonyeze "toa mali" hatakiona kitufe chenye jina hilo. Muhimu zaidi, mazoezi yafanywe kwenye stoo ya mazoezi. Mifumo mingi ina sehemu yake tofauti kwa ajili hiyo, mara nyingi yenye rangi nyingine juu ya kioo. Mkufunzi akiisahau, asubuhi ya tarehe 9 hoteli itakuwa na tani ya sukari iliyopokewa na mhudumu wa baa.

Kuhusu nambari za siri, mzee wa stoo atasema, "Mwanangu, sisi hapa ni ndugu, tutumie moja tu." Aelezwe kwa heshima kwamba nambari yake ndiyo sahihi yake. Mali ikipotea kwa jina lake, yeye ndiye atakayeulizwa, hata kama alikuwa amelala kwake. Akielewa hivyo, mara nyingi huwa mkali kuliko mhasibu. Na kwa kuwa mfumo unahifadhi majina, simu na saa ya kila tendo la mfanyakazi, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka mwajiri awaambie watu kinachokusanywa na sababu yake. Aya moja darasani na karatasi moja ya kubaki nayo inatosha, ila isiachwe.

Umeme ukikatika au mtandao ukilala, kuwe na kijitabu kimoja chenye kurasa zenye namba, kikae stoo na si kwingine. Kinachoandikwa humo kinaingizwa kwenye tableti kabla zamu haijaisha, na aliyekiandika. Vijitabu viwili vikiwapo, mmerudi kwenye daftari bila kutangaza.

Mhasibu ataulizwa kama mfumo huu ndio ule wa kodi. Sio. Ankara za eTIMS, ule mfumo wa ankara za kodi wa Mamlaka ya Mapato, KRA, zinaendelea kudaiwa kwa wauzaji kama kawaida, kwa kuwa tangu 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo kwa jumla haikubaliki kupunguzwa kwenye hesabu ya kodi. Karatasi inayotoka kwenye tableti ni ya ndani tu, na muuzaji asipewe kana kwamba ni risiti ya KRA.

Daftari la zamani lifungwe kwa mstari chini ya ingizo la mwisho la tarehe 8, na mtunza stoo, mhasibu na mpishi mkuu watie sahihi hapo hapo usiku ule. Halafu liondoke stoo kabisa liende ofisini, kwa sababu likibaki rafuni kuna atakayeandika ndani yake kufikia Alhamisi. Lisichomwe wala kugeuzwa vifungashio vya karanga: kumbukumbu za kodi hutakiwa kutunzwa kwa miaka mitano, na daftari hilo ni mojawapo.